Maji ya miguuni yanayopanda kifuani usiku

Swali: Assalamu alaykum daktari. Tupo Wete. Mama yangu ana miaka 62, ana presha zaidi ya miaka kumi na dawa alikuwa akizikatiza. Miezi hii miguu inamvimba ikifika jioni, na usiku akishalala saa mbili tatu hushtuka akitafuta pumzi mpaka akakae dirishani. Majirani wanasema pumu, wengine wanasema figo. Kipimo cha kidoleni, kile cha oksijeni ya damu, kinasoma 96. Maji haya yanatoka wapi, na tumpunguzie maji ya kunywa?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Bimkubwa anahitaji kuonekana na daktari wiki hii hii, kwa sababu barua haiwezi kusikiliza kifua cha mtu. Hata hivyo, mtu mwenye presha ya miaka mingi akivimba miguu jioni na akakatikiwa na pumzi baada ya kulala, moyo ndio ninaoushuku mwanzo, kabla ya pumu na kabla ya figo, na hiyo saa anayoshtuka ndiyo inayonifanya niushuku zaidi.

Moyo ni pampu mbili zilizoshikana. Ya kulia hupokea damu iliyorudi kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni. Ya kushoto huipokea damu hiyo kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Kwa mtu mzima aliyetulia, kila upande hutoa takriban mililita 70 kwa kila pigo, na kwa dakika moja hupata karibu lita 5. Kwa kuwa pampu hizi zimo katika mzunguko mmoja, hazina budi kutoa kiasi kilekile. Sasa chukulia kwamba upande wa kushoto umechoka na unatoa mililita 69 wakati wa kulia bado unatoa 70. Tofauti ni mililita moja tu, lakini moyo ukipiga mara 80 kwa dakika, mililita 80 hubaki mapafuni kila dakika, na baada ya dakika 5 zingekuwa 400, kiasi kinachokaribia damu yote inayokaa katika mishipa ya mapafu kwa kawaida. Mambo hayafiki huko, kwa sababu damu inayorundikana hupandisha shinikizo nyuma ya upande wa kushoto, na shinikizo hilo huujaza vizuri zaidi mpaka utoe tena kiasi kinacholingana na mwenziwe. Ndiyo maana mtu mwenye moyo dhaifu huweza kutembea, kupika na kwenda harusini kwa miezi kadhaa bila kujua kitu. Hesabu ya damu imesawazishwa, ila kwa gharama ya shinikizo lililopanda mapafuni.

Shinikizo hilo ndilo linaloleta maji. Damu hupita mapafuni katika mishipa myembamba mno iitwayo kapilari, na ukuta wake unavuja kwa maumbile. Ndani yake shinikizo la kawaida ni kama milimita 10 za zebaki, kipimo kilekile tunachotumia kwa presha ya mkononi. Kinachoyazuia maji yasitoke ni protini za damu, hasa albumini, ambazo huyavuta yabaki ndani kwa nguvu ya takriban milimita 25. Maji machache yanayopenya hata hivyo hukusanywa na mifereji ya limfu na kurudishwa katika damu. Upande wa kushoto ukishindwa, shinikizo la ndani likapita 18 hivi, maji huanza kujaa katika kuta za vifuko vya hewa, na likikaribia au kupita 25, huanza kumwagika ndani ya vifuko vyenyewe. Kwa mtu ambaye moyo wake umedhoofika polepole, mifereji ya limfu hupanuka ikazoea kazi, kwa hiyo huyavumilia mashinikizo ambayo yangemzamisha mtu mwengine kwa saa moja.

Hapo ndipo lilipo jibu la kile kipimo cha kidoleni. Maji yakiwa bado ndani ya kuta, pafu huwa zito na gumu kama sponji lililolowa, na misuli ya kifua hulazimika kuvuta kwa nguvu ili lipanuke. Mishipa ya fahamu iliyomo humo nayo hupeleka taarifa ya dhiki kwenye ubongo. Mgonjwa anatweta kweli, ilhali hewa bado inaingia katika damu vya kutosha. Kusoma 96, kwa hiyo, si ushahidi kwamba bimkubwa anajitia hofu. Kipimo hicho huanza kushuka baadaye, vifuko vinapojaa.

Mchana anapokuwa amesimama au amekaa, damu na maji huelemea chini. Akilala, mambo mawili hutokea kwa nyakati tofauti. La kwanza ni la papo hapo: damu iliyokuwa imejikusanya katika mishipa ya miguu, yapata theluthi ya lita au zaidi, hurudi kifuani, pampu ya kulia ikaipeleka mapafuni, na ya kushoto ikaelemewa. Huyu ndiye mgonjwa anayeongeza mto wa pili, kisha wa tatu. La pili ni la polepole: maji yaliyovimbisha miguu hupenya na kurudi ndani ya mishipa kidogo kidogo, na huchukua saa mbili au tatu kufikia kiwango cha kuwa mzigo, wakati mtu ameshazama usingizini. Akiamka na kuketi miguu ikining'inia, damu hushuka tena, na kwa dakika 15 hadi 30 pumzi humrudia. Kwa maneno mengine, wala si kosa kusema kwamba yale ya miguuni ndiyo yaliyopanda kifuani, ijapokuwa njia yake ni ndani ya damu.

Majirani waliosema pumu wana udhuru, kwa sababu kuta za njia za hewa nazo hulowa na kubana, kifua kikalia filimbi. Lakini pumu haitulii kwa sababu tu mtu ameketi na kushusha miguu, na ni nadra kwa pumu kuanza mara ya kwanza katika umri wa miaka 62 kwa mtu mwenye presha. Waliosema figo hawako mbali sana, bali wamekamata mkia badala ya kichwa. Maradhi ya figo yenyewe mara nyingi huvimbisha kope na uso asubuhi. Figo za bimkubwa, nikikisia, ni nzima ila zimedanganyika.

Pampu ikidhoofika, damu inayofika kwenye figo hupungua. Figo haina namna ya kujua kama imepungua kwa sababu moyo umechoka au kwa sababu mtu amejikata na kumwaga damu. Kwake yote ni mamoja, na jawabu lake ni moja: kuzuia chumvi isitoke katika mkojo, na maji huifuata chumvi. Homoni iitwayo aldosteroni ndiyo inayotekeleza sehemu kubwa ya amri hiyo. Kwa aliyejikata, hiyo ni nusura. Kwa mgonjwa wa moyo, ni kuongeza maji katika chombo kilichokwisha kufurika. Wakati huohuo shinikizo la mapafuni huwa limeielemea pampu ya kulia, damu inayorudi kutoka mwilini inakwama mlangoni, na maji yanavuja kule ambako uzito wa dunia unayavuta, yaani miguuni. Mbonyeze kidole gumba juu ya mfupa wa muundi kwa sekunde 10. Shimo likibaki, hayo ni maji. Matende huwa magumu, mara nyingi mguu mmoja huzidi mwengine, na hayapungui asubuhi. Mguu mmoja uliovimba ghafla ukiwa na maumivu ni shauri jengine, huenda damu imeganda mshipani, na hausubiri.

Nilipata kumtibu mkulima wa karafuu ambaye kwa miezi minne alikuwa akitumia dawa ya kuvuta ya pumu. Alikuwa akilala juu ya kiti. Uzito wake ulikuwa kilo 71, mishipa ya shingo ilionekana imejaa ingawa ameketi wima, na kifua chake chini kilisikika kama chumvi ikikaangwa. Eko, yaani picha ya moyo ukipiga, ilionesha chumba cha kushoto kinatoa asilimia 30 tu ya damu iliyomo, ilhali kawaida ni 55 au zaidi. (Wapo pia ambao kipimo hiki ni kizuri kabisa na bado moyo umeshindwa, kwa sababu presha imeufanya ukuta kuwa mnene na mgumu, ukakataa kujaa, msomaji asidanganyike na asilimia nzuri.) Tulimpa sindano za furosemidi, dawa ya kukojoza, na baada ya siku sita alikuwa na kilo 65. Kilo 6 zile hazikuwa nyama. Zilikuwa lita 6 za maji, na alilala kwa mto mmoja. Tulipochunguza nini kilichomzidisha, tulikuta vidonge vya diklofenaki alivyokuwa akimeza kila siku kwa ajili ya magoti. Dawa za jamii hiyo huifanya figo kushika chumvi, na kwa moyo dhaifu ni adui. Vifundo vya miguu havikunywea kabisa, na hapo nilimwona mkosaji wa pili: amlodipini ya presha, ambayo huvimbisha vifundo kwa kupanua mishipa ya miguu, bila ya maji kuzidi mwilini. Uvimbe wa namna hiyo hauondoki kwa kuongeza dawa ya kukojoza; hubadilishwa dawa. Mwambieni daktari kila kidonge anachomeza bimkubwa, hata kile cha dukani.

Sasa maji ya kunywa. Kwa wengi si hayo ya kuanza nayo, ni chumvi. Majimaji ya mwilini yana takriban gramu 9 za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kama gramu 5, figo ikikishika, hushika pamoja nacho zaidi ya nusu lita ya maji. Papa mkavu na ng'onda, hata wakiroweshwa, wana chumvi nyingi kupita unavyodhani. Kupunguza maji ya kunywa huamuliwa na daktari kwa mgonjwa aliyezidiwa, naye atakwambieni kiasi. Nunueni mizani, apimwe kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, na muandike. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku tatu, maji yameanza kurudi, mara nyingi kabla hajaanza kutweta.

Akiamka usiku akitoa povu, hasa lenye wekundu, au midomo ikageuka rangi, msisubiri asubuhi. Na njiani msimlaze nyuma ya gari kwa kumwonea huruma, kama nionavyo watu wakifanya. Mketisheni wima, miguu chini, madirisha wazi, na daftari la uzito na mfuko wa dawa mje navyo.