Hisa 20,000 za kwenye ofa bado si zako

“Kaka, shikamoo. Nimepata ofa ya kuandika programu San Francisco, kampuni changa, viza watashughulikia wao. Mbali na mshahara wameandika `20,000 stock options, 4-year vesting, 1-year cliff`. Aliyenipigia anasema thamani yake ni dola 120,000. Nyumbani wameshaanza kuulizia kiwanja Kigamboni. Hizo pesa ni za kweli?”

Marahaba mdogo wangu. Kiwanja kisubiri kwanza.

Hujapewa hisa. Umepewa haki ya kuzinunua baadaye kwa bei itakayofungwa mwanzoni, na utazinunua kwa pesa yako. Huyo aliyekupigia amechukua bei waliyolipa wawekezaji mara ya mwisho, dola 6, akazidisha mara 20,000. Lakini wawekezaji wananunua hisa za daraja lao, zenye upendeleo. Zako ni za kawaida, na bei yako ya kununulia ataipendekeza mthamini wa nje, kisha bodi itaipitisha. Ndiyo maana huioni kwenye barua.

Ofa yangu ya kwanza huku ilifanana na yako, basi nitumie hesabu zake. Hisa 20,000, bei ya kununulia dola 1.50. Hiyo `vesting` ione kama embe kuiva. Miezi 12 ya kwanza hakuna linaloiva. Hiyo ndiyo `cliff`. Ukiondoka mwezi wa 11, hata wakikufukuza wao, unatoka mikono mitupu. Ukifika mwaka, robo nzima inaiva siku moja, yaani 5,000. Baada ya hapo zinaiva kidogo kidogo kila mwezi, kama 417 hivi, mpaka miaka minne itimie. Na saa inahesabu kuanzia siku unayoingia kazini. Miezi ya kusubiri viza haimo.

Mimi nilipunguzwa kazini mwezi wa 18. Zilizoiva zilikuwa 7,500. Kumbe embe kuiva ni jambo moja, kulichuma ni jingine: 7,500 mara 1.50 ni dola 11,250, nitoe mwenyewe, ndani ya siku 90. Zikipita bila kununua, zinarudi kwa kampuni. Tena mthamini alikuwa ameshapandisha thamani ya hisa hadi dola 4, kwa hiyo kila hisa ingeonekana kwenye karatasi imeniingizia dola 2.50. Jumla ni 18,750, faida ambayo sijaishika mkononi, na ipo hesabu mbadala ya kodi ya Marekani inayoweza kuidai.

Sasa ongeza viza. Nilikuwa na H-1B, nayo ukipoteza kazi unapewa siku zisizozidi 60 kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi au kuondoka. Akiba yangu ilikuwa kodi ya nyumba na nauli ya kurudi. Mmarekani aliyekaa meza ya jirani alikuwa na saa moja tu inayomkimbiza, mimi nilikuwa na mbili. Nikaziacha zote 7,500, na nakiri niliumia.

Mwenzangu mmoja alikopa akanunua zake. Miaka miwili baadaye kampuni ikauzwa dola milioni 45. Sisi wa nyumbani tungepiga vigelegele, sivyo? Wawekezaji walikuwa wameweka milioni 60, na mkataba wao ulisema warudishiwe kwanza. Wakachukua yote. Wenye hisa za kawaida hawakupata hata senti, naye mkopo bado analipa.

Kwa hiyo kabla hujasaini, mwandikie huyo mtu, kwa barua pepe ili jibu libaki. Muulize kampuni ina hisa ngapi kwa jumla, pamoja na zilizoahidiwa watu. Kama ni milioni 40, zako 20,000 ni nusu ya sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Namba 20,000 peke yake haikuambii kitu. Muulize bei ya mwisho ya mthamini, na wawekezaji wameweka kiasi gani. Kisha muulize ukiondoka unapewa muda gani wa kununua. Zipo kampuni zinazotoa miaka kadhaa. Ukivuka miezi mitatu unapoteza nafuu ya kodi, lakini kwa mtu wa viza mimi naona muda ni bora kuliko hiyo nafuu.

Usiogope, huku kuuliza haya hakuonekani utovu wa adabu. Mimi sikuuliza, nilidhani nitaonekana nina tamaa. Wakikataa kukutajia idadi ya hisa zote, andika sifuri kwenye mstari huo, kisha angalia kama mshahara peke yake unatosha kodi ya nyumba ya San Francisco na unachotaka kutuma nyumbani. Ukiona hautoshi, omba waongeze mshahara, hata kama watapunguza hisa.