Mdomo umekwenda upande: chungulia sikio leo hii

Mtu akiamka Kirumba au Igoma, hapa Mwanza, na mdomo umevutwa upande mmoja, majirani huwa na majibu mawili tayari: amepigwa na upepo wa ziwani, au ni kiharusi. Jibu la tatu, la kurogwa, husemwa kwa sauti ya chini. Sikio halitajwi kabisa, na mara nyingi ndilo lililokuwa likiuma siku mbili tatu kabla uso haujapinda.

Chukua mama wa miaka 46 anayeanika dagaa. Jumapili sikio la kulia linamuuma kwa ndani, maumivu ya kuchoma yanayoshuka hadi shingoni. Jumatatu duka la dawa linampa matone ya sikio na kidonge cha kutuliza maumivu. Jumanne anagusa sikio na kuhisi vipele vidogo vyenye maji, karibu na tundu. Mtu anamwambia amekojolewa na mdudu usiku, naye anapaka mafuta. Jumatano alfajiri anasukutua mdomo, maji yanachuruzika upande wa kulia bila yeye kuyazuia. Anajitazama kwenye kioo: jicho la kulia halifumbi.

Huo ni mkanda wa jeshi uliotokea sikioni. Madaktari wanauita ugonjwa wa Ramsay Hunt, kwa jina la daktari Mmarekani aliyeueleza mwaka 1907. Kirusi chake ni kilekile cha tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga utotoni, kirusi hakitoki mwilini. Kinalala kwenye mafundo ya mishipa ya fahamu kwa miaka mingi, na kinga ikishuka kinaamka. Kikiamka kwenye mshipa wa kiunoni, mkanda unatokea kiunoni. Kikiamka kwenye fundo la mshipa wa uso, vipele hutokea sikioni na uso unalegea.

Kinachouponza mshipa huu ni njia yake. Kabla ya kufika usoni unapita ndani ya mfupa ulioko karibu na sikio, kwenye kifereji ambacho mahali pake pembamba zaidi hapafiki hata milimita 1. Mkononi, mshipa ukivimba unapata nafasi. Hapa mfupa hausogei. Mshipa unajibana wenyewe, damu haiufikii vizuri, na nyuzi zake zinaanza kufa. Uvimbe ukizimwa mapema, nyuzi zinazinduka. Zikishafa inabidi ziote upya kutoka ndani ya mfupa hadi usoni, kazi ya miezi.

Rudi kwenye kioo. Mwambie mgonjwa akunje paji la uso kama mtu aliyeshangaa, kisha afumbe macho kwa nguvu, kisha aonyeshe meno. Mshipa wa uso ukiwa ndio wenye shida, upande mzima unalala: mikunjo ya paji haipo, jicho linabaki wazi, mdomo hauendi. Kiharusi kwa kawaida huacha paji likikunjika pande zote mbili, kwa sababu misuli ya paji hupata amri kutoka pande zote za ubongo. Maneno yenye p na b yatamponyoka hata huyu wa sikio, kwa kuwa midomo haikutani, kwa hiyo usihukumu kwa matamshi peke yake. Lakini mkono au mguu ukiwa umelegea, au akichanganya maneno, au paji bado linakunjika, achana na kioo na mwahishe hospitali kama mgonjwa wa kiharusi.

Sasa sikio. Washa tochi ya simu, vuta sikio taratibu kwenda juu na nyuma, tazama kwenye bakuli la sikio, mlango wa tundu, na nyuma ya sikio. Usiingize pamba wala kijiti. Kisha mfumbue kinywa utazame juu ya kaakaa na ubavuni mwa ulimi, kwa sababu vipele wakati mwingine hujificha huko. Mtego ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa uso hulegea kwanza na vipele hufuata siku kadhaa baadaye, na wengine hawapati kipele hata kimoja. Aliyeambiwa Jumatano kwamba sikio ni safi aangaliwe tena kila asubuhi kwa wiki nzima. Kizunguzungu, mlio sikioni au kusikia kupungua upande huohuo vinaongeza shaka ya mkanda, maana mshipa wa kusikia unapita jirani kabisa na wa uso.

Saa zinahesabiwa tangu uso ulegee. Huyu mama alilegea Jumatano alfajiri. Saa 72 zake zinaisha Jumamosi alfajiri. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 1997 ulifuatilia wagonjwa 80 wa Ramsay Hunt waliopewa asiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hiki, pamoja na prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe. Walioanza dawa ndani ya siku 3, asilimia 75 walipona kabisa. Walioanza siku ya 4 hadi ya 7, asilimia 48. Waliochelewa zaidi ya wiki, asilimia 30. Aliyechelewa bado apewe dawa, hasa kama vipele vipya vinaendelea kutoka, lakini tofauti hiyo ndiyo gharama ya wiki ya kungojea "upepo" utoke.

Dawa zenyewe zinapatikana. Mambo huharibika kwenye kipimo. Asiklovia kwa mkanda wa mtu mzima mwenye figo nzima ni miligramu 800, mara 5 kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Vidonge vingi vinavyouzwa ni vya miligramu 200 au 400, na kipimo cha 200 mara 5 ni cha malengelenge ya kawaida, robo tu ya kinachohitajika hapa. Mgonjwa anameza wiki nzima kwa uaminifu na uso haurudi. Kwa vidonge vya 400, hesabu ni 2 kila mara, 10 kwa siku, 70 kwa siku 7. Ukipewa pakiti ya vidonge 25, uliza. Ratiba inayokumbukika ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni na saa 4 usiku, kila mara na maji ya kutosha, kwa sababu dawa hii inaweza kuganda kwenye figo za mtu aliyekauka. Mwenye ugonjwa wa figo hupunguziwa kipimo na daktari. Krimu ya asiklovia ya kupaka haifiki ndani ya mfupa, usiipotezee hela.

Prednisoloni hushusha uvimbe. Mpango unaotumika sana ni miligramu 60 asubuhi baada ya kula kwa siku 5, kisha kupunguza 10 kila siku hadi kuisha. Kwa vidonge vya miligramu 5 hiyo ni vidonge 12 kwa mkupuo, na wengi huogopa wakameza 2. Lakini hii si dawa ya kujinunulia: inapandisha sukari na presha, inachokoza vidonda vya tumbo, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Ndiyo maana mgonjwa apimwe sukari na presha kabla, aulizwe kikohozi cha muda mrefu, na apimwe VVU. Kipimo cha VVU si cha kumdhalilisha mtu. Mkanda wa jeshi kwa kijana ni mojawapo ya dalili za mapema za kinga kushuka, na ni bora ajue akiwa na kipele kuliko akiwa na homa ya uti wa mgongo.

Njia ni tofauti kabisa kama tochi imeonyesha usaha. Sikio linalotoa usaha wenye harufu kwa miezi, kisha uso ukalegea, mara nyingi lina ngozi iliyoota ndani kwa ndani na kuula mfupa hadi kuufikia mshipa. Hapo asiklovia haina kazi, na prednisoloni peke yake inaficha moto. Mgonjwa anahitaji daktari wa masikio, picha ya mfupa na mara nyingi upasuaji. Kwa Kanda ya Ziwa hiyo kwa kawaida ni rufaa ya hospitali ya Bugando. Mtoto aliyeumwa sikio ghafla kwa siku chache, ana homa na uso umelegea, huwa na matumaini zaidi: antibiotiki na kutoboa ngoma ya sikio kutoa usaha kwa kawaida humrudisha. Uvimbe nyuma ya sikio unaolisukuma mbele ni wa kulazwa siku hiyohiyo. Na mzee mwenye kisukari ambaye sikio linamuuma usiku kucha hata akiwa na usaha kidogo tu, asipewe matone arudi nyumbani. Maambukizi yake yanaweza kuwa yameshaingia kwenye mfupa wa fuvu. Matone ya jentamisini, yanayouzwa kiholela, yakipita kwenye ngoma iliyotoboka yanaweza kuua usikivu. Ya siprofloksasini ni salama zaidi.

Wakati haya yote yanaendelea, jicho ndilo linaloweza kupotea. Kope halifungi, machozi yanakauka, na huku kwetu kuna upepo wa ziwa, magamba ya dagaa na moshi wa kukaushia samaki. Kioo cha jicho kikikauka kinachubuka, kidonda kinaingia wadudu, na kovu lake ni upofu wa upande huo. Mchana weka matone ya machozi bandia kila saa au mbili na vaa miwani inayoziba pembeni. Usiku weka mafuta mazito ya jicho, kiasi cha punje ya mchele, ndani ya kope la chini. Kisha shusha kope la juu kwa mgongo wa kidole, ulishike, na bandika plasta laini ya karatasi toka kwenye kope kuelekea shavuni. Hakikisha limefunga kweli kabla ya kulala. Kufunika jicho lililo wazi kwa pamba ni kosa, kwa sababu pamba inasugua kioo usiku kucha. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiona ukungu, ni la kuonwa leo.

Chale usoni, mawe ya moto na kutafuna bigijii kutwa havirudishi mshipa. Chale zinaongeza maambukizi, na moto unaunguza ngozi.

Anayekuja kutoka Ukerewe au kisiwa kingine asingoje siku ya soko. Aandike kwenye karatasi siku na saa uso ulipolegea, dawa alizokwisha meza na miligramu zake, apige picha sikio kabla vipele havijakauka, na jicho lifungwe kabla ya kupanda kivuko. Kwa mama wetu, dalili ya kwanza ya nafuu huenda ikawa pembe ya mdomo kutikisika wiki ya tatu au baadaye. Ikipita miezi 3 bila mtikisiko wowote, arudi kwa daktari wa masikio akachunguzwe upya, kwa sababu kinachoubana mshipa huenda si mkanda bali uvimbe ulioota hapo.