Barua ya mahafali: chagua usiku mmoja

"Rafiki yangu anahitimu Makerere. Nina mistari michache tu: umeme kukatika, roleksi ya chapati na mayai Wandegeya saa saba usiku, ulinifundisha takwimu, asante kwa yote. Nifanyeje iwe barua?"

Habari ndugu. Kwanza futa "asante kwa yote", maana hata mtu asiyemjua angeweza kuiandika. Halafu jiulize: kati ya hayo mengine, lipi alilifanya yeye kwa ajili yako? Ni takwimu. Umeme na roleksi ni mazingira ya usiku huo, basi yaunge hapo. Mimi niliwahi kumwandikia mwenzangu wa chumba kumbukumbu tisa kwenye ukurasa mmoja, ikasomeka kama orodha ya sokoni. Aliyefuata nilimwandikia usiku mmoja tu, na barua ile anayo hadi leo.

Ningeanza hivi:

"Umeme ulipokatika, uliegemeza simu yako kwenye kikombe ili tochi imulike daftari langu, si lako. Ulinirudia swali lile la wastani mara tatu. Saa saba tukashuka Wandegeya, tukagawana roleksi moja, na bado ulikuwa unanichorea jedwali kwenye gazeti lililoifungia."

Kikombe na gazeti nimeviweka mimi. Tia vya kwenu, maana yeye alikuwepo na atagundua. Ukijikuta umeandika "ulikuwa mwema", weka kitendo mahali pake. Shukrani ije mwishoni, sentensi moja, na itaje takwimu: "Mtihani ule niliufaulu kwa mkono wako."

Kisha nakili kwa kalamu.