Imeili ndefu, mteja hajibu mpaka siku zimepita

Swali: Salaam mwalimu. Niko kampuni ya klaringi huku Shimanzi. Nikimwandikia mteja imeili ndefu kuhusu kontena lake hajibu mpaka siku za bure bandarini zimeisha, kisha analalamika gharama ya stoo imekuwa kubwa. Naweka URGENT kwa herufi kubwa na ile alama nyekundu na bado. Nifupishe?

Jibu: Waalaykum salaam dada yangu. Usifupishe, mteja anahitaji hayo maelezo ya ushuru na makaratasi. Tatizo ni mahali ombi lilipo, na hilo neno URGENT ndilo linanikera kuliko yote maanake kila wiki naulizwa na kila mtu analitumia akidhani ni dedlaini. Sio dedlaini. Halimwambii mtu afanye nini wala mwisho ni lini, na likishakuja kwenye kila imeili yako mteja analizoea analipita tu.

Fikiria anavyoiona. Yuko dukani, simu inalia, kwenye skrini anaona jina lako, kichwa, na maneno machache ya mwanzo wa imeili yenyewe. Kichwa kirefu kinakatwa, mara nyingi baada ya herufi arobaini hivi kutegemea simu. Sasa kama kichwa ni "URGENT: Kuhusu kontena lako" na mwanzo ni "Natumai u mzima wa afya, tunapenda kukujulisha kwamba meli ilifunga", amesoma nini? Ombi lako liko aya ya tano, "tunaomba uidhinishe mapema iwezekanavyo", na huko hafiki mpaka usiku akiwa nyumbani.

Tuseme ni kontena la vigae na unataka aidhinishe entri ya forodha. Mimi ningeandika hivi:

Kichwa: Mwisho Jtano 14/5: idhinisha entri ya vigae

"Salaam Bwana. Naomba uidhinishe entri niliyoambatisha, jibu tu 'nimeidhinisha', mwisho Jumatano 14/5 saa 16:00. Ikipita hapo hatutawahi kulipa ushuru na kutoa kontena ndani ya siku za bure, stoo itaanza kuhesabiwa Ijumaa. Maelezo yote yako hapa chini."

Baada ya hapo andika urefu unaotaka, meli, ushuru, makaratasi, kila jambo na kijichwa chake ili akitaka la ushuru aende moja kwa moja. Salamu imebaki, ila ni maneno mawili. Wengi wananiambia ati kuanza na ombi ni kukosa adabu, lakini mtu mzima akilipishwa stoo kwa sababu ulimficha tarehe aya ya tano hiyo adabu ameipata wapi?

Angalia nimeandika "mwisho Jumatano" sio "kabla ya Jumatano", maanake mwingine atauliza Jumatano yenyewe imo au haimo. Na saa nimeweka 16:00 kusudi. Ukiandika saa 10 jioni sisi tunaelewa, ila mhasibu wake aliyezoea saa za kizungu anaweza kuisoma saa nne usiku. Kama imeili inaenda na Dubai pia taja ni saa za Mombasa, wao wako mbele saa moja, na tangu 2022 ofisi za serikali kule Ijumaa hufanya kazi nusu siku, kwa hivyo dedlaini ya Ijumaa mchana kwa jambo linalopita ofisi hizo ni kujitafutia kuchelewa.

Watu wawili wakihitajika kwenye imeili moja, mmoja kuidhinisha mwingine kulipa, taja kila mmoja kwa jina na tarehe yake hapo juu kabisa. Ukiandika "naomba mshughulikie" kila mmoja atamngojea mwenzake. Maombi yakifika matatu tuma imeili mbali mbali.

Kabla ya kutuma jitumie mwenyewe, iache simu imefungwa usome kinachotokea pale kwenye skrini. Kama ombi na tarehe havionekani hapo andika upya.

Na hawa wanaouza templeti kwenye magrupu ya WhatsApp, "maneno ya kumfanya mteja ajibu papo hapo", achana nao jamani. Nimeziona, zote ni URGENT, ni "jibu la mwisho", ni kumwekea bosi wake kwenye Cc ili aogope. Mteja akishatiwa hofu ya uongo mara mbili, siku ya hatari ya kweli hatakuamini, na bosi aliyewekwa Cc kwenye kila kitu anaacha kusoma pia. Vile vile kumfowadia imeili ile ile ya wiki jana na neno "kumbusho": kichwa kimejaa Re na Fwd, nafasi imeliwa na tarehe iliyo juu imeshapita. Andika kichwa kipya chenye tarehe mpya, ingawa kwenye Gmail ukibadilisha kichwa yanaanza mazungumzo mapya, kwa hivyo ambatisha entri tena, usimwambie akaitafute kwenye ile ya zamani.