Kifungu kilichofupishwa: namba zimebaki, masharti je?

"Nimefupisha kifungu cha dhamana kwenye mkataba wa pango: 'Mwenye nyumba atarudisha dhamana ya sh. 900,000 ndani ya siku 14, akikata gharama za uharibifu.' Namba zote zipo. Inatosha?"

Hapana, ndugu. Nimekisoma kando ya kile cha zamani ulichobandika: "Mwenye nyumba atarudisha dhamana ya sh. 900,000 ndani ya siku 14 tangu kukabidhiwa funguo, akikata tu gharama, zenye risiti, za uharibifu usiotokana na matumizi ya kawaida."

Siku 14 zako hazina mwanzo. Mpangaji atahesabu tangu alipohama, mwenye nyumba tangu mkataba ulipoisha. Tena rangi iliyopauka ukutani sasa inaweza kukatwa, na bila risiti. Hapo ndipo pesa za watu hupotelea, kwa hiyo usilegeze.

Chukua kalamu, upite kifungu cha zamani ukipigia mstari kila namba, kisha kila neno linaloifunga au kuibana: tangu, ndani ya, tu, isipokuwa, endapo. Kila mstari utafute mwenzake kwenye kifupi. Halafu geuza: soma kifupi, uone kama kuna kitu ambacho cha zamani hakikusema.

Mimi ningeandika: "Mwenye nyumba atarudisha dhamana (sh. 900,000) ndani ya siku 14 tangu apokee funguo, akikata tu gharama zenye risiti za uharibifu usio wa matumizi ya kawaida." Umeokoa neno moja tu, na kwa kifungu hiki sioni pa kukata zaidi.