Barua ya wakazi kwa halmashauri: kipi kitangulie

> "Mtaro wetu umeziba, tunataka kuandikia halmashauri ya mji. Tuanze na nini, na sahihi zikae wapi?"

Mkuu, kichwa cha barua kibebe ombi lenyewe: "YAH: OMBI LA KUZIBULIWA MTARO", kisha jina la mtaa. Masjala huangalia mstari huo kujua barua iende idara gani.

Aya ya kwanza ni malalamiko, sentensi tatu zinatosha: "Mtaro umejaa mchanga kuanzia kalavati hadi lango la shule. Mvua ikinyesha, maji huingia nyumba za upande wa chini. Hali hii ipo tangu Machi." Msiingize habari za taa za barabarani humo. Hizo ziandikieni barua yake, la sivyo kila idara itasubiri mwenzake.

Ushahidi ufuate, kila dai na kiambatisho chake: A picha zenye tarehe, B orodha ya siku na nyumba zilizoingiwa maji, C nakala ya barua ya awali kama ipo.

Ombi ndipo wengi wanapoharibu. "Mchukue hatua stahiki" hujibiwa "linafanyiwa kazi", basi. Andikeni: "Tunaomba mchanga uondolewe kwa urefu wote wa mita 80, na tujibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14."

Sahihi zikae mwisho, na kila karatasi yake irudie ombi juu. Karatasi tupu yenye majina inaweza kudaiwa kuwa orodha ya mahudhurio ya kikao. Pelekeni nakala mbili. Yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.