Timu inajibu "sawa" tu kikaoni

"Naongoza timu ya Waholanzi wawili na Watanzania watano hapa Dar. Mholanzi mmoja alimkosoa fundi wetu mkuu mbele ya wote. Tangu siku hiyo wenzetu wanajibu 'sawa' tu, na kazi inachelewa. Nifanyeje?"

Ndugu, hiyo "sawa" maana yake "nimekusikia", si "nimekubali". Anza na fundi mkuu, tena faragha. Mholanzi amwombe radhi, lakini kwa namna alivyosema, si kwa hoja yenyewe, maana huenda ilikuwa ya kweli. Kwao, kumwambia mtu kosa lake waziwazi ni kumheshimu. Mweleze hivyo fundi, na Mholanzi mweleze kwamba hapa mkubwa hakosolewi mbele ya vijana wake. Kwa kuwa heshima ilivunjwa mbele ya watu, irudishwe mbele ya watu: kikao kijacho fundi ndiye awasilishe mpango wa kazi.

Kisha badili vikao. Tuma mpango siku moja kabla, umpitie kila mtu peke yake. Kikaoni aanze mdogo, wewe umalize, kwani ukishatoa maoni yako hakuna atakayekupinga. Usiulize "mmeelewa?" Uliza "nini kitatuchelewesha?" Mimi niliuliza vibaya mwezi mzima, nikaja kugundua vifaa havijaagizwa kabisa.

Jambo la usalama tu ndilo lisisubiri faragha. Hilo mkubaliane mapema, wote. Utajua mambo yamebadilika siku mtu atakapokuletea habari mbaya kabla hujamuuliza.